Somo: Tangazo la kukatika maji kwa wapangaji, na namna ya kutunza maji hadi yarudi

Habari zenu wakuu. Nasimamia nyumba za kupanga hapa Arusha, na kila maji yanapotangazwa kukatwa napigiwa simu na wasimamizi wenzangu wakiuliza mambo yale yale: tangazo liandikweje, tangi litatosha, jiki kiasi gani. Naandika mara moja hapa. Atakayeuliza nitamwelekeza kwenye somo hili.

Nitatumia mfano wa uwanja mmoja wenye vyumba vinane, watu 22 wakiwemo watoto, tangi moja la lita 2000, vyoo vya kuvuta. Mamlaka ya maji imetangaza kukata kuanzia Jumanne saa 2 asubuhi hadi Jumatano saa 12 jioni.

1. Piga hesabu kabla hujaandika chochote.
Muda uliotangazwa ni siku moja na nusu, lakini wewe panga siku tatu. Bomba kuu likishatengenezwa, maji huchukua muda kujaza mabomba yote, na sisi tulio juu tunafikiwa mwisho. Mtu mmoja anaweza kuishi kwa lita 20 kwa siku: lita 5 za kunywa na kupika, 15 za kuoga, vyombo na choo. Watu 22 kwa siku tatu ni lita 1320. Tangi la 2000 linatosha na chenji inabaki.

Linatosha kama vyoo havivutwi. Vyoo vingi vya zamani vinamwaga lita 9 kila unapovuta. Watu 22 wakivuta mara tano kwa siku, hizo ni lita 990. Siku mbili tu, tangi limeishia chooni na hakuna aliyepika. Kwa hiyo hesabu yote inasimama kwenye choo.

2. Bandika tangazo siku mbili kabla.
Liwe na saa kamili na la kufanya. Hili hapa, nakili ubadilishe saa:

> TANGAZO KWA WAPANGAJI WOTE
> Maji ya bomba yatakatwa Jumanne saa 2 asubuhi hadi Jumatano saa 12 jioni kwa ajili ya matengenezo ya bomba kuu. Tafadhali jiandaeni kwa siku tatu.
> Jumatatu jioni kila familia ijaze maji yake ya kunywa na kupika: lita 15 kwa kila mtu. Familia ya watu wanne ni madumu matatu ya lita 20.
> Kuanzia Jumanne saa 1 asubuhi, maji ya vyumbani na vyooni yatafungwa. Choo kimwagiwe kwa ndoo, kwa maji yaliyofulia au kuoshea vyombo.
> Koki ya uani itafunguliwa saa 12 hadi saa 1 asubuhi, na saa 11 hadi saa 12 jioni.
> Hakikisha koki zako zote zimefungwa kabla hujatoka.
> Maji yakirudi, yasinywewe hadi mtakapotangaziwa.

Tuma pia kwenye grupu la WhatsApp, na mpigie mpangaji anayeingia kazini usiku.

3. Osha vyombo vya kuwekea.
Sabuni, suuza, basi. Dumu la mdomo mdogo tia changarawe safi kidogo na maji ya sabuni, tikisa kwa nguvu, utelezi wa ndani utatoka. Dumu lililobeba dawa ya shamba au mafuta ya gari lisitumike, hata ulioshe mara ngapi.

4. Jaza. Hapa someni taratibu.
Msiache mpira umezama ndani ya pipa. Watu wengi wanauchomeka mpira kwenye koki, ncha nyingine wanaitumbukiza kwenye pipa la kufulia, wanaendelea na kazi. Maji yakikatwa wakati huo, mabomba yanaanza kujimwaga kuelekea chini. Mji wetu wote umelala kwenye mteremko wa Meru, hivyo bomba la juu linamwagikia la chini, na linapojimwaga linavuta. Kile kilichomo kwenye pipa kinanyonywa kupitia mpira na kuingia kwenye bomba: povu, uchafu wa nepi, chochote. Maji yakirudi, kitu cha kwanza kutoka kwenye koki ya jirani ni maji yako ya kufulia.

Utaliona hili kwa macho. Weka mpira ndani ya ndoo iliyojaa na koki ikiwa wazi, maji yakikatwa utaona ndoo inapungua polepole bila mtu kuigusa. Nimeona pipa zima la mpangaji likishuka hivyo karibu nusu.

Kwa hiyo:
Mdomo wa mpira ukae juu ya ukingo wa chombo, kiasi cha kiganja kimoja, maji yadondoke.
Ukimaliza, funga koki KISHA toa mpira.
Jumanne saa 1 asubuhi msimamizi afunge valvu ya kwenye mita. Hiyo moja inalinda uwanja mzima.
Pipa lililo wazi lifunikwe kwa kifuniko kizito. Mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye ndoo.

5. Tia dawa kwenye maji ya kunywa.
Vidonge vya dukani: fuata pakiti, vingi ni kidonge kimoja kwa lita 20. Ukitumia jiki, soma chupa kwanza. Iwe ya kawaida, isiyo na manukato wala sabuni, na iandikwe asilimia 3.5. Kwa lita 20 ni mililita 1. Nunua bomba la sindano duka la dawa, toa sindano, upime nalo. Kwa lita 100 ni kijiko kimoja cha chai kisichofurika. Koroga, funika, subiri dakika 30. Yakiwa na harufu kidogo ya klorini yako tayari. Yasipokuwa na harufu, rudia kipimo hicho hicho mara moja na usubiri tena. Maji yenye tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa kipimo mara mbili.

6. Weka kivulini, palipoinuka kidogo kutoka sakafuni. Mwanga unaleta ukijani.

7. Maji yakirudi, yasikimbilizwe tangini.
Acha valvu ya kuingiza maji kwenye tangi imefungwa. Fungua valvu ya mita taratibu, kisha koki ya chini kabisa ya uani. Itapiga chafya, itatoa upepo, halafu maji ya kahawia. Kinga kwenye ndoo nyeupe, hayo ya kahawia ni ya choo na ya kudekia. Ndoo nyeupe ikionyesha chini pasipo punje, ndipo fungua tangi. Ukiruhusu tope liingie tangini, utaliosha tangi zima wiki inayofuata.

---

Maswali ya wanachama

Mpangaji wa Njiro: Mkuu, jiki kiasi gani kwa ndoo moja?

Mwandishi: Hatua ya 5.

Mpangaji wa Njiro: Nimeona, lakini yangu haijaandikwa asilimia. Natia kifuniko kimoja?

Mwandishi: Hapana. Isiyoandikwa asilimia usiitie kwenye maji ya kunywa. Kifuniko kina mililita kadhaa, wakati ndoo inahitaji moja. Nunua vidonge.

Mama Wawili: Samahani kaka, mimi huwa nachemsha tu. Bado nahitaji dawa?

Mwandishi: Dada, kuchemsha ni kuzuri. Yakitokota vizuri dakika moja, vijidudu vimekufa. Tofauti inakuja baadaye. Maji yaliyochemshwa hayana kinga yoyote iliyobaki, hivyo siku ya pili mtu akichota kwa kikombe alichokishika kwa mikono michafu, yameharibika upya. Klorini inabaki ndani ya maji ikiendelea kufanya kazi. Kama unachemsha, weka kwenye chombo chenye koki au mdomo mdogo, mimina badala ya kuchota. Ya kukaa siku tatu, tia dawa.

Kijana wa Kwa Mrombo: Kwa hiyo tusiwe na presha, nikiishiwa naita boza tu?

Mwandishi: Boza siku ya kukatika maji linaitwa na mtaa mzima. Na uliza maji yametoka wapi.

Mwalimu wa Moshono: Hilo la maji yametoka wapi lina uhusiano na floraidi? Nilisikia ukichemsha inaondoka.

Mwandishi: Asante mwalimu, hili ni muhimu sana huku kwetu. Haiondoki. Floraidi ni madini yaliyoyeyuka kutoka kwenye miamba ya volkano. Ukichemsha, maji yanapungua kwa mvuke na floraidi inabaki pale pale, kwa hiyo kila lita inabeba zaidi kidogo. Klorini nayo haiigusi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wa Meru vinazidi hapo. Siku tatu hazitamdhuru mtu mzima. Wasiwasi ni kwa anayeyazoea, hasa watoto wadogo ambao meno ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya fizi. Ndiyo yanatoka na madoa ya kahawia. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, ukiyakinga kwenye paa safi na kuyatia dawa yanafaa kwa mtoto. Pia ipo chujio ya mkaa wa mifupa, kituo cha utafiti cha Ngurdoto wamefanya kazi hiyo miaka mingi.

Mwalimu wa Moshono: Na mkaa huo unadumu muda gani?

Mwandishi: Unachoka, na ladha haikuambii kwamba umechoka. Inabidi maji yapimwe, kisha mkaa ubadilishwe. Anayekuuzia akisema ni wa milele, mwache.

Fundi wa Kijenge: Niongezee bosi. Wenye pampu ya kupandisha maji, zimeni swichi ukutani kabla maji hayajakatwa. Pampu ikizunguka kavu, sili inaungua, na nyingi ninazoletewa zimekufa hivyo. Yakirudi, toeni upepo kwanza ndipo muwashe.

Mwandishi: Fundi umenena. Ongezeni mstari huo kwenye tangazo.

Mpangaji wa Sakina: Mita yangu ilizunguka maji yakirudi ila kilichotoka ni upepo. Nalipia hewa?

Fundi wa Kijenge: Upepo unaizungusha kweli. Ndiyo maana valvu ifunguliwe taratibu, upepo utoke kidogo kidogo. Ukifungua kwa pupa inakimbia kama feni. Piga picha ya mita kabla na baada.

Kijana wa Kwa Mrombo: Mpira wangu hauna shida, nautumbukizaga kila siku.

Mwandishi: Kila siku kuna presha. Siku ya kukatika haipo. Anayekunywa ulichotumbukiza ni jirani yako wa chini.

Mama Wawili: Madumu yaliyobaki baada ya maji kurudi nimwage?

Mwandishi: Usimwage dada, fulia au mwagilia mchicha. Ila yasikae wazi uani zaidi ya wiki, mbu wa dengi anataga kwenye maji safi yaliyotulia. Pipa likiisha lisugue kingo za ndani kwa brashi, maana mayai yanaganda pale juu ya usawa wa maji, na yanaweza kukaa makavu yakisubiri ujaze tena.