SOMO: VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 16% nchini Kenya inavyokusanywa hatua kwa hatua (soma lote kabla ya kuuliza)

Kila tarehe 20 ikikaribia, swali ni lile lile: "Kama mwenye mbao ameshalipa VAT, na fundi amelipa, mbona duka nalo lidaiwe?" Naliandikia somo moja ili nisilijibu tena.

Tufuate meza moja. Bei hizi hazijatiwa ushuru.

1. Muuza mbao wa Gikomba anamuuzia fundi mbao za 20,000 na kuongeza VAT 3,200. Tuseme yeye hana ushuru aliotozwa kwenye ununuzi, kwa hiyo zote 3,200 zinakwenda KRA, mamlaka ya kodi.

2. Fundi wa Ngong Road anauzia duka meza kwa 50,000, VAT 8,000. Anatoa zile 3,200 alizotozwa kwenye mbao, anapeleka 4,800.

3. Duka linamuuzia mteja kwa 70,000, VAT 11,200. Linatoa 8,000, linapeleka 3,200.

Jumlisha: 3,200 + 4,800 + 3,200 = 11,200. Ndiyo 16% ya 70,000 kamili, wala hakuna aliyelipa mara mbili. Mzigo wote ameubeba mteja wa mwisho; wengine wamekusanya tu, kila mmoja kwa kile alichoongeza.

4. Kudai ushuru wa ununuzi. Hapa ndipo watu huumia. Kuwa umelipa hakutoshi. Ankara iwe ya eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, na iwe na PIN yako ya KRA. Fundi akinunua mbao bila kutaja PIN, mfumo unamhesabu kama mteja wa mwisho, na zile 3,200 hazidaiwi. Atapeleka 8,000 badala ya 4,800, na tofauti inatoka kwenye faida yake. Taja PIN kabla ankara haijatolewa.

Tena, sheria inataka aliyekuuzia awe ameitangaza ankara hiyo kwenye ritani yake. Asipoitangaza, dai lako linagoma ingawa karatasi unayo mkononi. Linganisha ankara zako na zinazoonekana iTax, tovuti ya KRA ya kujazia ritani, mapema, ili upate muda wa kumpigia simu. Ukichelewa kupata ankara, una miezi sita baada ya mwezi wa mauzo kudai, ikipita, umepoteza.

5. Jaza ritani ya VAT3 na ulipe kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ununuzi ukizidi mauzo, salio linasukumwa mwezi ujao.

---

DukaUmoja: Kwa hivyo nalipa 16% ya faida yangu?

Mwandishi: Hapana. Mshahara na kodi ya nyumba ya kuishi havina VAT ya kudai, kwa hiyo vinabaki ndani ya thamani uliyoongeza. Unaweza kupata hasara na bado ukalipa VAT.

Kibe_K: Meza nimeuza 81,200. 16% ni 12,992, sivyo?

Mwandishi: Sivyo. Hiyo bei tayari ina ushuru. Zidisha kwa 16, gawanya kwa 116: 11,200. Ungepeleka 1,792 zisizodaiwa.

MamaFanicha: Samahani mwalimu, na fundi akiwa hajasajiliwa? Mauzo yake hayafiki milioni 5 kwa mwaka.

Mwandishi: Swali zuri sana, dada. Fundi huyo hatozi VAT, lakini pia hadai zile 3,200. Anazimeza kwenye bei: meza inatoka 53,200. Duka halina cha kudai kwake, linaongeza 20,000 zake, inakuwa 73,200, kisha VAT 11,712. Mteja analipa 84,912 badala ya 81,200. Zimezidi 3,712: zile 3,200 zilizokwama, na 512 ambayo ni ushuru juu ya ushuru. Ndiyo maana maduka yaliyosajiliwa hupenda fundi aliyesajiliwa, ingawa bei yake huonekana juu. Fundi mdogo anaweza kuomba kusajiliwa kwa hiari akiuzia maduka. Akiuzia watu wa nyumbani moja kwa moja, mara nyingi haimfai.

Kibe_K: Si ingekuwa rahisi kutoza dukani tu?

Mwandishi: Duka likificha mauzo, serikali ingekosa 11,200 zote. Kwa mpango huu inakosa 3,200, kwa sababu 8,000 zilishaingia huko nyuma. Isitoshe, kila mnunuzi aliyesajiliwa anadai ankara kwa faida yake mwenyewe, na ankara hiyo ndiyo inayomfichua muuzaji.

DukaUmoja: Mteja bado hajanilipa. Naweza kungoja?

Mwandishi: Huwezi. Kinachotangulia kati ya kupeleka mali, kutoa ankara na kupokea pesa ndicho kinachoanzisha deni la VAT. Ukiuza kwa mkopo wa siku 60, ushuru unautoa mfukoni kwanza, basi omba angalau sehemu ya VAT ilipwe mapema.

Mzito254: Nimenunua gari dogo la kwenda kazini, nadai?

Mwandishi: La abiria halidaiwi, isipokuwa biashara yako ni kuuza au kukodisha magari. Chakula cha hotelini vilevile, kama si biashara yako.

Mzito254: Na PIN niitaje lini?

Mwandishi: Hatua ya 4.