Kifaransa cha mdomoni: sikiliza kinachofuata kitenzi

Kama umejifunza Kifaransa vitabuni, umezoea kusubiri «ne» ndipo ujue sentensi inakanusha. Ukifika Paris hutaisikia sana, maana katika mazungumzo ya kawaida watu huidondosha. «Je ne sais pas» inakuwa «j'sais pas», kisha mtu akiharakisha unasikia «shepa», ambayo wenyewe kwenye meseji huiandika «chais pas». Kwa hiyo hamisha sikio: ukanusho uko baada ya kitenzi, kwenye «pas», «rien», «jamais».

Penye mtego ni «plus». Mwenyeji akikuuliza kama uongezewe chakula, ukajibu «j'en veux plus», kila kitu kinategemea herufi ya mwisho. Ukitamka «plus» bila s, umesema hutaki tena, na sahani inaondolewa. Ukiitamka s, umeomba zaidi. Ukiwa na wasiwasi, omba kwa «encore un peu» au kataa kwa «non merci», na hakuna atakayekuelewa vibaya.

Usidhani pia kwamba kuacha «ne» ni lugha ya mtaani. Hata wasomi hufanya hivyo wakiongea, na «j'sais pas» kwa mwenzako wa kazini ni sawa kabisa. Cha mtaani ni kama «j'sais que dalle», yaani sijui lolote. Hicho kiache kwa marafiki. Lakini kwenye barua ya kuomba kazi au insha ya mtihani, rudisha kila «ne» mahali pake.