Kuhakiki majibu ya saketi kwa hesabu ya wati: zilizotolewa na zilizopokelewa

Ukishapata volti za nodi zote na mkondo wa kila tawi, kuna hesabu moja ya kufanya kabla ya kukabidhi jibu: jumlisha wati zinazotolewa, jumlisha wati zinazopokelewa, kisha uone kama jumla hizo mbili zinalingana. Hesabu yenyewe ni fupi. Ugumu wake ni kwamba ukiifanya kwa njia isiyofaa itakubali hata majibu mabovu, ndiyo maana hatua ya 3 hapa chini ni ndefu kuliko zote.

Saketi ya mfano

Tuna nodi nne juu ya ethi: A, B, C na D. Chanzo cha volti V1 cha volti 12 kiko kati ya D na ethi, upande wa chanya ukiwa D. Rezista R1 ya omu 3 inaunganisha D na A. R2 ya omu 6 inatoka A kwenda ethi. R3 ya omu 2 iko kati ya A na B. R4 ya omu 14 inatoka B kwenda ethi. Mwisho kuna chanzo cha mkondo I1 cha ampea 7 kinachotoka ethi na kusukuma mkondo kuelekea C, na kutoka C kwenda B kuna R5 ya omu 1.

Milinganyo ya nodi ni hii:

```
(A - 12)/3 + A/6 + (A - B)/2 = 0
(B - A)/2 + B/14 = 7
```

Majibu yake: A ni volti 18 na B ni volti 28.

Hatua ya 1: Chora upya mishale ya mikondo

Mishale uliyoikisia mwanzoni mwa swali haifai tena. Chukua majibu, chora kila mshale kuelekea upande ambao mkondo unakwenda kweli, ili kusiwe na ampea yenye alama ya hasi. Mkondo hupita rezista kutoka volti ya juu kwenda volti ya chini. Kwenye mfano wetu R3 inapitisha ampea 5 kutoka B kwenda A, R2 ampea 3 kwenda ethi, R4 ampea 2 kwenda ethi, na R1 ampea 2 kutoka A kwenda D. Huo wa mwisho utazame vizuri: unaelekea kwenye chanzo cha volti 12, hautoki humo.

Hatua ya 2: Panga nani anatoa na nani anapokea

Kanuni ni moja tu. Mkondo ukiingia kwenye kifaa kwa upande wake wa chanya, kifaa kinapokea nguvu. Ukitoka kwa upande wa chanya, kifaa kinatoa. Rezista hupokea siku zote. Chanzo kinaweza kutoa au kupokea, na neno “chanzo” lisikufanye ukiweke moja kwa moja kwenye safu ya wanaotoa. Hapa V1 kinapokea, kama betri iliyo kwenye chaja: ampea 2 zinaingia kwa upande wake wa chanya. Anayetoa ni I1 peke yake.

Hatua ya 3: Tafuta wati za kila rezista

Tumia mkondo mara mkondo mara omu, au volti mara volti gawanya kwa omu. Usitumie volti mara mkondo kwa rezista. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vingi huorodhesha fomula zote tatu kana kwamba ni sawa, na ni kweli ziko sawa unapotafuta wati, lakini haziko sawa unapohakiki.

Sababu ni hii. Mwaka 1952 Bernard Tellegen, mhandisi Mholanzi wa Philips, alichapisha kanuni inayobeba jina lake. Kwa lugha nyepesi inasema: chukua mikondo yoyote inayotii sheria ya Kirchhoff ya mkondo, chukua volti zozote zinazotii sheria ya Kirchhoff ya volti, zidisha volti na mkondo kwa kila tawi, ukizingatia alama, jumla itakuwa sifuri. Kanuni haidai kwamba volti na mikondo hiyo ihusiane kwa sheria ya Ohm. Kwa hiyo uhakiki wa volti mara mkondo unaweza kupita hata kama hakuna rezista hata moja iliyotii thamani yake.

Tuone kwa namba. Tuseme mtu amepata mikondo sahihi kwa njia moja, halafu kwa njia nyingine akapata volti mbovu: A volti 20 na B volti 30. Kwa volti mara mkondo, R1 inampa 8 × 2, yaani wati 16. R2 ni 20 × 3, wati 60. R3 ni 10 × 5, wati 50. R4 ni 30 × 2, wati 60. R5 ni 7 × 7, wati 49. V1 ni 12 × 2, wati 24. Jumla ni wati 259. Chanzo cha mkondo kwake kiko kwenye volti 37, kwa hiyo kinatoa 37 × 7, wati 259. Zimelingana kabisa, na majibu ni mabovu: rezista ya omu 3 haiwezi kuwa na volti 8 ikiwa inapitisha ampea 2.

Sasa chukua volti hizohizo mbovu utumie volti mara volti gawanya kwa omu. R1 inakuwa wati 21.3, R2 wati 66.7, R3 wati 50, R4 wati 64.3, R5 wati 49. Mkondo wa V1 nao utafute kwa R1, yaani 8 gawanya kwa 3, utapata wati 32. Jumla ni wati 283.3 dhidi ya 259 zinazotolewa. Kosa limeonekana.

Pendekezo langu ni uchague fomula kufuatana na njia uliyotumia kutatua. Kama ulitatua kwa nodi, tumia volti na omu, na mkondo wa chanzo cha volti uutoe kwenye rezista iliyo naye kwa mfululizo. Kama ulitatua kwa mikondo ya vitanzi, tumia mkondo na omu.

Hatua ya 4: Tafuta volti ya chanzo cha mkondo

Hapa ndipo wengi hukwama. Chanzo cha mkondo kina volti, na hiyo volti haiandikwi kwenye mchoro. Ni lazima uitafute. Aliyetatua kwa nodi huona B ni volti 28 na kuandika 28 × 7, wati 196. Lakini kati ya chanzo na B kuna R5. Ampea 7 zikipita omu 1 zinahitaji volti 7, kwa hiyo C iko kwenye volti 35 na chanzo kinatoa 35 × 7, wati 245.

R5 haibadilishi volti za A na B, ndiyo maana haikuonekana kwenye milinganyo na ni rahisi kuisahau. Hatari zaidi ni kusahau mara mbili: ukitumia volti 28 na pia ukaiacha R5 nje ya orodha, utapata wati 196 kila upande na utaridhika. Dawa yake ni kuhesabu vifaa kwenye mchoro, kisha kuhesabu mistari ya jedwali lako. Hapa vifaa ni saba, mistari iwe saba.

Hatua ya 5: Jumlisha

| Kifaa | Kinatoa (wati) | Kinapokea (wati) |
|---|---|---|
| I1 | 245 | |
| V1 | | 24 |
| R1 | | 12 |
| R2 | | 54 |
| R3 | | 50 |
| R4 | | 56 |
| R5 | | 49 |
| Jumla | 245 | 245 |

Napenda safu mbili kuliko safu moja yenye hasi na chanya, kwa sababu alama ya hasi iliyopotea haionekani kwa macho lakini namba iliyo safu isiyo yake huonekana. Ukiwa na kiloomu na miliampea, volti mara miliampea inakupa miliwati moja kwa moja. Usichanganye na wati kwenye jedwali hilohilo.

Hatua ya 6: Zisipolingana, soma tofauti

Usirudie hesabu yote kwanza. Tofauti yenyewe inaeleza kosa liko wapi.

Kama tofauti ni sawa na wati za kifaa kimoja, huenda kifaa hicho hukukihesabu, au wati zake zimepungua kwa chanzo. Mtu aliyetumia volti 28 kwa chanzo cha mkondo lakini akaikumbuka R5 atapata 196 upande mmoja na 245 upande wa pili. Tofauti ni 49, na 49 ndiyo R5.

Kama nusu ya tofauti ni sawa na wati za kifaa kimoja, kifaa hicho kiko safu isiyo yake. Aliyeiweka V1 kwa wanaotoa atapata 269 kwa 221. Tofauti ni 48, nusu yake 24, na 24 ni V1.

Kama tofauti haifanani na chochote, rudi kwenye volti za nodi. Ukiwa umetumia volti na omu, tofauti hutokana na nodi ambazo mkondo unaoingia haulingani na unaotoka. Jumlisha mikondo nodi moja baada ya nyingine, utaikuta.

Kama tofauti ni ndogo sana, angalia ulivyokadiria namba. Mkondo wa 1.00 ulioandikwa kwa tarakimu tatu unaweza kuwa na kosa la asilimia 0.5, na ukiuzidisha kwa wenyewe kosa linafika karibu asilimia 1. Weka tarakimu tano kwenye kikokotoo, ukadirie mwishoni tu. Tofauti ikibaki, si ya kukadiria.

Kosa lisiloonekana kwa njia hii

Ukinakili saketi vibaya, kwa mfano omu 14 ukasoma 1.4, au mshale wa I1 ukaugeuza, wati zitalingana bila shida kwa sababu umetatua vizuri saketi nyingine. Kwa hilo napendelea ngspice, programu ya kompyuta inayotatua saketi, kwa sharti kwamba unaandika faili ukitazama mchoro wa swali na si milinganyo yako:

```
Uhakiki wa wati
V1 d 0 12
R1 d a 3
R2 a 0 6
R3 b a 2
R4 b 0 14
R5 c b 1
I1 0 c 7
.control
op
print v(a) v(b) v(c) i(v1)
.endc
.end
```

Unatarajia 18, 28, 35 na 2. Kwenye mstari wa I1 nodi ya kwanza ni pale mkondo unapoingia kwenye chanzo na ya pili ni pale unapotoka, kwa hiyo `0 c` ndiyo inayosukuma kuelekea C. Ukiandika `c 0` umeugeuza. Na `i(v1)` hupimwa mkondo ukiingia V1 kwa upande wa chanya, hivyo 2 yenye alama ya chanya ina maana kwamba chanzo kinapokea. Betri inayotoa umeme kwa kawaida huonyesha hasi hapo, na hasi hiyo si kosa.