Somo: Kusoma Kemia usiyoipenda kwa saa yako nzuri (dagaa, mwezi na chupa ya dripu)

Mpwa wangu anaishi Igombe na mama yake, na kazi yao ni dagaa. Kidato cha nne alipata F ya Kemia. Sasa anarisiti kama mtahiniwa wa kujitegemea, maana anataka uuguzi na vyuo vya uuguzi vinadai Kemia na Baiolojia. Baiolojia anaipenda. Akifungua Kemia, ghafla anakumbuka kuna sufuria halijasuguliwa.

Mimi nafundisha tuisheni Kirumba. Haya ndiyo tuliyofanya naye, pamoja na pale nilipomkosesha mwenyewe.

Hatua ya 1: Pima saa yako, usiikisie

Nilipomuuliza anasoma vizuri saa ngapi, alijibu bila kufikiri: usiku. Wengi hujibu hivyo. Usiku nyumba imetulia, hakuna anayekutuma dukani, basi tunadhani na akili nayo imetulia vizuri. Hayo ni mambo mawili tofauti.

Tulipima hivi. Nilimwandalia karatasi za hesabu fupi 20, kuzidisha na kutoa namba nzima, za kufanya kwa dakika 8. Sikutumia Kemia, kwa sababu ukipima kwa somo unalolichukia utapima chuki, na chuki haina saa. Karatasi mbili za kwanza tulizitupa, zilikuwa za kuzoea tu. Kisha kwa siku tatu alifanya karatasi moja saa 11 alfajiri, moja saa 8 mchana na moja saa 3 usiku, kila mara karatasi mpya.

Alfajiri alipata 17, 18 na 17. Mchana 11, 12 na 10. Usiku 14, 12 na 9.

Angalia huo usiku. Siku ya kwanza si mbaya, ya tatu imeporomoka, kwa sababu siku hiyo alishinda juani. Saa nzuri haitambuliki kwa alama kubwa ya siku moja. Inatambulika kwa kutoyumba.

Sharti lake ni usingizi. Atakayeamka saa 11 alfajiri awe amelala saa 3 usiku. Ukiiba usingizi ili upate alfajiri, unakuwa umehamisha uchovu kutoka usiku kwenda asubuhi, basi.

Hatua ya 2: Linganisha saa yako na kazi yako (hapa nilikosea)

Nikamwambia: Kemia alfajiri ya kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Wiki ya kwanza ilienda vizuri. Wiki mbili zilizofuata alifungua kitabu mara tatu tu, nami nikaanza kumsema kwamba ni mvivu.

Dada yangu ndiye aliyenitoa ujinga. "Wewe umempima wakati wa mbalamwezi," akaniambia. "Sasa ni giza."

Wa huku ziwani mmeshaelewa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, zamani karabai, siku hizi mara nyingi taa za sola. Mwezi ukiwa mkubwa, mwanga wa taa hauwakusanyi dagaa vizuri, hivyo mitumbwi mingi hupumzika kama wiki moja au zaidi kidogo. Giza likirudi, mitumbwi inaingia mwaloni alfajiri, na kila mwenye ndoo anakuwa pale. Saa nzuri ya binti huyu inachukuliwa na dagaa zaidi ya nusu ya mwezi. Mimi niliyekulia Mwanza nilipaswa kulijua hilo kabla ya kuambiwa.

Tukapima upya, safari hii saa 4 asubuhi, dagaa wakiwa wameshaanikwa na bado hawajafika wakati wa kugeuzwa. Alipata 16, 15 na 16. Nzuri kabisa, haikuachwa mbali na alfajiri.

Basi ratiba ikafuata mwezi badala ya juma. Siku za mbalamwezi, alfajiri, ni za mada mpya na ngumu. Siku za giza, saa 4 asubuhi, dakika 25 tu, ni za kurudia maswali ya mada aliyokwisha kuielewa. Mada mpya haigusi wakati wa giza. Kama kazi yako ni mnada, zamu ya kiwandani au gulio, mzunguko wako ni mwingine, lakini upime kwenye siku za kazi na kwenye siku za mapumziko pia.

Hatua ya 3: Andika kusudi linalofika hadi kwenye mada ya leo

"Nataka kuwa nesi" ni kusudi zuri, ila liko mbali. Saa 11 alfajiri, mvua inanyesha juu ya bati, halimtoi mtu kitandani kwenda kukokotoa moli. Linahitaji daraja.

Nilimwambia aandike juu ya ukurasa swali moja ambalo nesi angelijali na ambalo mada ya leo inaweza kulijibu. Kwa mada ya moli aliandika: *Dripu ya chumvi ya lita 1 ina gramu 9 za chumvi. Hizo ni moli ngapi?*

Kanuni ni hii:

```
n = m / M
```

n ni idadi ya moli, m ni gramu ulizonazo, M ni gramu za moli moja. Kwa chumvi, NaCl, sodiamu ni 23 na klorini 35.5, jumla 58.5. Kwa hiyo 9 gawanya kwa 58.5, unapata karibu 0.154.

Yeye alipata 526.5. Alikuwa amezidisha.

Sikumwambia amekosa. Nilimwuliza, moli moja ina gramu 58.5, sasa moli 526.5 zina uzito gani? Akapiga hesabu, zikatoka karibu kilo 31. Akaangalia chupa ya maji ya lita moja iliyokuwa mezani, akacheka mwenyewe. Nusu gunia la chumvi ndani ya chupa! Hapo ndipo kusudi linapofanya kazi yake. Namba tupu haikushtui hata ikiwa ya kipuuzi, lakini chupa unaijua.

Swali la kesho yake lilizaliwa hapohapo. Katika fomula ya dawa ya kuharisha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002, pakiti ya lita 1 ina gramu 2.6 za chumvi hiyohiyo. Gawanya kwa 58.5, unapata 0.044. Kwa nini ni kidogo hivyo kuliko dripu? Kwa sababu ndani yake kuna chumvi nyingine pia, na kuna glukosi gramu 13.5, ambayo husaidia utumbo kufyonza sodiamu na maji. Binti wa Baiolojia alikaa na jambo hilo asubuhi nzima bila kuambiwa. (Wazazi, hizi ni hesabu za daftarini. Dripu haitengenezwi nyumbani, na pakiti ya kuharisha ichanganywe kama ilivyoandikwa juu yake.)

Hatua ya 4: Kosa likijirudia kwenye saa nzuri, tatizo si saa

Alipojua kwamba anatakiwa kugawanya, bado alikwama. 9 gawanya kwa 58.5 alipata 6.5 leo, kesho 0.65. Alfajiri, amelala vya kutosha, kusudi liko juu ya ukurasa, na bado anakosa palepale.

Hiyo ndiyo dalili. Makosa ya uchovu hutawanyika: leo kukosea ishara ya hesabu, kesho kunakili vibaya. Kosa linalokaa mahali pamoja lina shimo chini yake. Shimo lake lilikuwa kugawanya kwa desimali, jambo la shule ya msingi. Tulifunga Kemia asubuhi mbili, tukafanya hilo tu: zidisha namba zote mbili kwa 10, 9 gawanya kwa 58.5 inakuwa 90 gawanya kwa 585, na kwa kuwa 90 ni ndogo kuliko 585, jibu lazima lianze na 0. Nilivyoona mimi, nusu ya chuki yake kwa Kemia ilikuwa chuki ya desimali.

Maswali ya wanachama

*Dereva wa bodaboda, Buhongwa:* Mwangaluka mwalimu. Saa yangu nzuri ni saa 1 asubuhi, na ndiyo saa ya abiria. Niache hela?

Mwangaluka kaka. Usiache. Pima saa yako ya pili, kama nilivyofanya kwa mpwa wangu. Halafu tafuta siku ambayo abiria wa asubuhi ni wachache, kwa wengi Jumapili, uitoe hiyo moja kwa mada ngumu. Siku nyingine rudia tu, dakika 20 zinatosha. Ila usisomee kijiweni ukisubiri abiria. Sikio lako litakuwa barabarani.

*Mama, Ilemela:* Shikamoo mwalimu. Kijana wangu wa kidato cha pili namwamsha saa 10 alfajiri, anasinzia juu ya kitabu. Nimwagie maji?

Marahaba mama. Maji yaache kwenye ndoo. Vijana wa umri huo usingizi wao huchelewa wenyewe kuja, na wanahitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Akilala saa 5 ukamwamsha saa 10, amepata saa 5. Mpime saa 11 jioni baada ya kupumzika kidogo. Nina wanafunzi wa rika lake wanaofanya vizuri zaidi jioni kuliko alfajiri.

*Mwanafunzi, Sengerema:* Mimi nachukia Historia, na nataka ufundi umeme. Sioni kusudi lolote.

Usilitengeneze la uongo, utaligundua siku ya tatu. Kusudi lako liwe alama. Chukua mitihani iliyopita, tazama aina ya maswali yanayorudi, kisha andika juu ya ukurasa swali moja utakaloweza kulijibu kwa hoja tano leo. Ni kavu, lakini ni la kweli na linapimika. Historia yako pia haihitaji saa bora kila siku. Kusoma mara ya kwanza na kupanga hoja kunaihitaji, ila kujikumbusha hoja kunaweza kwenda na saa ya pili.

*Mwalimu mwenzangu, Magu:* Ukimpa somo baya saa nzuri yote, somo analolipenda halitashuka?

Litashuka, na lilishuka. Baiolojia ya mpwa wangu ilipungua alama kwenye jaribio la mwezi wa pili tangu tuanze. Tukarudisha alfajiri moja kati ya tatu za mbalamwezi kwa Baiolojia. Kemia ilipanda polepole zaidi kuliko nilivyotaka, lakini aliendelea kuamka.