Kusoma mipepeso ya taa nyekundu ya televisheni inayokataa kuwaka

Televisheni inapokataa kuwaka huku taa yake ya stendibai ikipepesa mara kadhaa, ikatulia, kisha ikarudia idadi ile ile, ina maana imejizima yenyewe baada ya kugundua hitilafu. Idadi hiyo hutaja saketi iliyolalamika, na wala haitaji kipuri kilichoharibika. Wengi hupoteza fedha hapo: wameona mara sita, wamenunua bodi ya umeme, na bodi mpya imepepesa mara sita vile vile.

Hatua ya kwanza. Chomoa plagi ukutani pamoja na nyaya zote za HDMI, USB na antena, subiri dakika tatu, kisha rudisha plagi peke yake na uwashe kwa kitufe cha televisheni yenyewe. Ikiwaka, rudisha nyaya moja moja mpaka umpate mkosaji.

Hatua ya pili. Usihesabu kwa macho. Rekodi video kwa simu tangu unapobonyeza kitufe, kisha anza kuhesabu baada ya kituo kirefu cha kwanza, kwa sababu mpepeso wa kupokea amri ya kuwaka huweza kuchanganyika na hesabu na kuifanya sita ionekane saba. Mizunguko mitatu ikikubaliana, andika namba. Taa inayopepesa mfululizo bila kituo haikupi namba yoyote ya kuhesabu.

Hatua ya tatu, ambayo mafundi wengi huiruka: pima sekunde zinazopita kati ya kubonyeza na mpepeso wa kwanza, na uangalie kama kioo kilipata mwanga hata kidogo. Hitilafu ya umeme mara nyingi hulalamikiwa papo hapo, ilhali ile ya taa za nyuma ya kioo kwa kawaida husubiri mpaka taa hizo zijaribu kuwaka.

Hatua ya nne ni tafsiri. Hakuna jedwali moja la dunia nzima. Kila kampuni ina lake, na kitabu cha ufundi cha modeli yako ndicho chenye kauli ya mwisho. Katika Sony Bravia nyingi za LED, kwa mfano, mara mbili au tatu huelekeza kwenye umeme unaolisha bodi, tano kwenye kioo na bodi yake, sita kwenye taa za nyuma, na saba kwenye joto kupita kiasi.

Tuichukue sita. Niliwahi kuletewa televisheni ya inchi 43 ambayo kitabu chake kiliitafsiri sita kuwa taa za nyuma. Kioo kilipata mwanga kwa sekunde mbili hivi, kikazima, ndipo mipepeso ikaanza. Nilichomoa plagi na kuhakikisha kwa mita kwamba kapasita kubwa ya bodi ya umeme imeisha chaji, maana huweza kubaki na zaidi ya volti 300. Kisha nilichomoa waya unaokwenda kwenye taa na kuzijaribu kwa kipimo cha vitaa vya LED. Mstari mzima ulikuwa giza. Laiti ungewaka wote, ningegeukia saketi inayoziendesha. Baada ya kukitoa kioo, kazi ambayo mtu mmoja asiifanye peke yake, nilipima ukanda mmoja mmoja: tatu ziliwaka kwa takriban volti 24 kila moja, yaani vitaa vinane vya volti tatu tatu, na wa nne haukuwaka kwa sababu ya kitaa kimoja kilichokatika. Nilibadilisha kanda zote nne, kwa kuwa vilivyobaki vilikuwa na umri ule ule, na nikapunguza mwangaza kwenye mipangilio.

Maswali ya wanachama

*Fundi, yangu inapepesa mara mbili, na nimeshabadilisha bodi ya umeme bila mafanikio. Nifanye nini?*

Ndugu, pima laini ya volti 12 wakati wa kuwasha. Ikipanda kisha ikaanguka, huenda kuna shoti inayoivuta chini. Chomoa plagi, tenganisha waya bapa unaotoka bodi kuu kwenda bodi ya kioo, kisha ujaribu tena. Laini ikisimama imara au hesabu ikibadilika, shoti iko upande wa kioo. Hali ikibaki vile vile, ichunguze bodi kuu.

*Je, naweza kuuondoa ulinzi ili televisheni iendelee kuwaka?*

Kwa majaribio ya muda mfupi, mafundi hufanya hivyo. Ukiuacha hivyo, saketi ya taa hupandisha volti ikitafuta njia ya mkondo, na pale kitaa kilipokatika cheche zinaweza kuunguza ukanda pamoja na plastiki inayoufunika.

*Na iwapo hesabu ni saba asubuhi, kabla televisheni haijapata joto lolote?*

Basi rudia video kwanza, huenda ni sita. Ikithibitika kuwa ni saba, shuku kihisi cha joto au waya wake, maana televisheni iliyolala usiku kucha haina joto la kulalamikia.