Pilau yetu si "pilau rice": kuandika menyu ya Kiingereza ambayo mtalii ataielewa

Mimi nachapisha menyu hapa Jinja. Kazi yenyewe ni kompyuta moja, printa na mashine ya kulaminisha, na wateja wangu wengi ni wenye mikahawa midogo inayopokea wazungu waliokuja kupanda maboti ya mpira kwenye mawimbi ya Nili. Zamani nilikuwa naandika nilicholetewa, nachapa, napokea hela yangu. Siku hizi sichapi kabla sijaingia jikoni, na aliyenibadilisha ni Hajati mmoja mwenye mkahawa wa vyakula vya Kiswahili. Menyu niliyomchapia mara ya kwanza ilikuwa hivi:

```
Pilau Rice
Mandazi - Doughnuts
Irish with G-nuts
African Tea
```

Siku moja akaja mama Mwingereza na mumewe. Mama hali nyama. Akaagiza "pilau rice" na maharage pembeni. Sahani ikaja na vipande vya nyama juu, akashtuka, ikarudishwa. Mhudumu akatoa nyama, akapanga wali vizuri, akairudisha ile ile. Mama akala vijiko viwili, akauliza wali umepikwa na nini. Kijana akasema kweli: supu ya nyama. Chakula kikabaki mezani, na Hajati akanipigia simu: "Mwanangu, nyama nimemtolea, sasa anataka nini tena?"

Kosa lilikuwa langu. Uingereza mikahawa ya Kihindi huuza kitu kiitwacho "pilau rice", na ni wali wa viungo usio na nyama, mara nyingi wa manjano, wa kulia kari. Yule mama hakuona jina geni. Aliona jina analolijua, akaagiza kile anachokijua. Neno hili asili yake ni Uajemi, limezunguka dunia na kila lilipotua likapika chungu chake. Mmarekani naye ana "pilaf" yake. Jina ambalo mgeni halijui kabisa atauliza maana yake. Analolijua nusu hataliuliza, na hapo ndipo penye hasara. Kwa hiyo nenda hivi.

Hatua ya 1: Simama kando ya chungu

Usianze na kamusi. Nenda jikoni wakati wa kupika, uandike kwa Kiswahili unachokiona. Kwa Hajati niliandika: vitunguu vinakaangwa mpaka viwe kahawia kabisa, na rangi ya pilau inatoka hapo. Kitunguu saumu na tangawizi vilivyotwangwa. Bizari nzima, iliki, mdalasini, karafuu, pilipili manga. Nyama ya ng'ombe iliyochemshwa, viazi, kisha supu ile ile ya nyama, halafu mchele. Kachumbari pembeni.

Uliza pia yasiyoonekana: mafuta gani, maziwa yamo, mayai yamo, karanga zimo? Mpishi atakujibu kwa mkato, maana anaona unamchelewesha. Vumilia.

Usinakili maelezo ya mtandaoni. Mengi yanaeleza mapishi ya pwani, ambako mandazi hukandwa kwa tui la nazi. Mandazi ya Hajati yanakandwa kwa maziwa, kwa sababu nazi huku inatoka mbali na bei yake unaijua. Ukiandika "coconut" na hakuna nazi, mgeni ataitafuta mdomoni asiipate.

Hatua ya 2: Jina libaki kama lilivyo

Pilau iitwe pilau, mandazi yaitwe mandazi. Mgeni atalitamka jina hilo kwa mhudumu, na mhudumu anajua pilau. Hajui "spiced rice" ni chungu kipi. Ila ondoa kile kipande cha "rice" kilichobandikwa mbele ya pilau, maana ndicho kinachompeleka mgeni kwenye mkahawa wa Kihindi.

Chagua tahajia moja. Hapa Uganda utaona "mandaazi" yenye a mbili, kwa mkono wa Kiganda, na utaona "mandazi". Yoyote sawa, lakini isiwe moja juu na nyingine chini. Wala usiongeze "s" mwishoni; mandazi ni mengi tayari.

Hatua ya 3: Sema kwanza ni kitu cha aina gani

Maneno ya kwanza chini ya jina yamwambie mgeni kama ni wali, mchuzi, kitafunwa au kinywaji. Baada ya hapo sema kimepikwaje, kisha kina nini. Kwa pilau ni rahisi: ni wali uliopikwa ndani ya supu.

Viungo ndivyo vinavyosumbua. "Bizari" peke yake ni mtego, maana kuna bizari ya mchuzi, ambayo ni mchanganyiko wa kari, na kuna bizari nzima, zile mbegu nyembamba za pilau. Hizo mbegu kwa Kiingereza ni "cumin". Ukiandika "curry" mgeni anasubiri mchuzi wa manjano. Iliki ni "cardamom", mdalasini "cinnamon", karafuu "cloves". Pilipili manga iandike "black pepper", maneno yote mawili, kwa sababu "pepper" peke yake inaweza kuwa pilipili hoho.

Halafu kuna neno "spicy". Watu wanatafsiri "yenye viungo" kuwa "spicy", na mtalii anasoma "inawasha". Wazee wanaikimbia, vijana wanaiagiza wakitaka kutokwa jasho, na wote wanakuta iliki na mdalasini. Andika "spiced", kisha malizia "not hot".

Mandazi yalinitesa zaidi. "Doughnut" ilibidi iondoke: mgeni anawaza duara lenye tundu katikati, limepakwa sukari ya kuganda, au lina jemu ndani. Akiletewa pembetatu kavu isiyo na kitu ndani anadhani amepunjwa. Nikaandika hivi, nikajiona nimemaliza:

```
Mandazi
Fried bread, lightly sweet, with cardamom.
```

Shika hapo, nitalirudia kwenye kujaribu.

Hatua ya 4: Toa nje kilichofichika

Supu ya nyama ndani ya wali haionekani kwa macho, kwa hiyo iandike. Kumtolea asiyekula nyama vipande vya juu hakusaidii kitu. Hajati alitaka tuandike kwamba pilau isiyo na nyama ipo. Nikamuuliza: una chungu cha pili? Hana. Basi tukaandika wazi kuwa pilau si ya wasiokula nyama, na mhudumu akafundishwa kuwaelekeza kwenye chapati na maharage, ambayo pale hukaangwa kwa mafuta ya mimea.

Kali kuliko hiyo ni karanga. Sisi Uganda tumezoea "G-nuts", na wageni wengi hawajawahi kulisikia neno hilo. Kuna watu ambao karanga kidogo tu inawavimbisha koo, wakakosa pumzi. Andika "peanut", kila mahali zilipo, hata kama ni kijiko kimoja kwenye mboga. Hapa sibishani na mteja, asipokubali, sichapi.

Kama nyama yako imechinjwa kihalali, andika "Halal" juu ya ukurasa mara moja. Inatosha.

Hatua ya 5: Mjaribishe mtu asiyejua

Mpe mgeni karatasi, asione chakula, umwambie: nieleze sahani itakayokuja. Usimsaidie. Mimi nilimpa dada Mwingereza anayejitolea kufundisha shule ya jirani. Pilau akaieleza barabara, mpaka viazi. Alipofika kwenye mandazi akasema, "Ni kipande cha mkate kilichokaangwa kwenye mafuta, cha kula na mayai asubuhi, ila chenu kina sukari?" Kumbe kwao "fried bread" ni hicho hasa: silesi ya mkate iliyokaangwa. Nimekimbia donati nikaangukia kwenye mkate wa kwao.

Tukakaa naye, nikampa andazi alishike, akalipasua. Alichokiona kwanza ni umbo, kisha kwamba limevimba na ni jepesi. Tukaanza na hayo, na badala ya mkate tukatumia donge la unga. Menyu ikatoka hivi:

```
Pilau
Rice cooked in beef broth with browned onions,
cumin, cardamom, cinnamon, cloves and black pepper.
Beef and potato in the rice. A full meal.
Spiced, not hot. Not vegetarian.
Served with kachumbari, a raw tomato and onion salad.

Mandazi
Puffy triangles of fried dough, lightly sweet,
with cardamom. No filling, no icing. Two pieces.
Contains wheat and milk.
```

Pilau imechukua mistari sita, na ni mingi. Vyakula vingine vipe miwili. Mistari mirefu iweke kwenye kile ambacho mgeni atakikosea.

Yaliyobaki tuliyamaliza haraka. "Irish" ni viazi kwetu tu. Kwa mgeni ni mtu wa Ayalandi, kwa hiyo andika "potatoes". "African Tea" haisemi chochote, na "chai tea" ni chai chai. Tukaandika kwamba ni chai iliyochemshwa ndani ya maziwa pamoja na tangawizi:

```
Chai
Black tea boiled in milk with ginger.
```

Na kama menyu yako ina safu mbili, "Food" na "Sauce", ujue mtalii hatazielewa. Sisi tunajua "food" ni matoke, posho, viazi au wali, na "sauce" ni nyama au maharage. Yeye akiona "sauce" anawaza tomato ya chupa, anaagiza "food" peke yake, analetewa posho tupu.

Hatua ya 6: Menyu ifuate chungu

Hili nililisahau. Nimeshalaminisha nakala kumi na mbili, Ijumaa ya kwanza Hajati ananipigia: "Mwanangu, leo pilau ni ya mbuzi." Ijumaa kwake huwa ya mbuzi, na hakuona haja ya kunitajia. Sasa kwenye mstari wa pilau tunabandika stika ndogo inayotoka bila kuharibu plastiki, imeandikwa "Today: goat". Huwa anaiweka mwenyewe asubuhi kabla ya kufungua, na Jumamosi namkuta mara nyingine amesahau kuitoa.