Jinsi ya kuomba na kuanzisha utaratibu mpya wodini kwa modeli ya Lewin: mwongozo kwa kazi ya somo la uongozi wa uuguzi

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uuguzi anayetakiwa kueleza, na pengine kujaribu kwa vitendo, namna ya kuingiza utaratibu mpya wodini kwa kufuata modeli ya mabadiliko. Modeli tunayoitumia ni ya mwanasaikolojia Kurt Lewin, yenye hatua tatu za kuyeyusha, kubadili na kugandisha. Mfano ni wa kubuni: wodi ya magonjwa ya ndani yenye vitanda 24 katika hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania, ambako wauguzi hupokezana ripoti ya zamu wakiwa dawatini, nasi tunataka ripoti hiyo itolewe kando ya kitanda cha mgonjwa.

Kabla ya kuandika chochote, muulize mwalimu kama kazi inaishia kwenye mpango au inahitaji utekelezaji. Mpango wa karatasini hauhitaji zaidi ya ridhaa ya msimamizi wa wodi, lakini ukigusa utaratibu wa kazi unahitaji kibali cha maandishi. Ukikusanya taarifa za wagonjwa kwa nia ya kuzichapisha, jambo hilo linakuwa utafiti na lina njia yake ya maadili, ambayo haimo katika mwongozo huu.

Anza kwa kupima hali ilivyo. Shuhudia makabidhiano kadhaa ya asubuhi, mchana na usiku, ukiandika yanachukua dakika ngapi, kisha muda mfupi baadaye pita vitandani uone kilichosemwa kinalinganaje na kilichopo: dripu iliyotajwa kuwa inaendelea imekwisha, kanula imevimbisha mkono, dozi ya saa 12 haina sahihi kwenye chati. Sentensi isemayo kwamba mawasiliano wodini ni hafifu haimshawishi mtu, ila orodha ya tofauti ulizoziona haina mbishi. Usiandike jina la muuguzi aliyehusika, kwa sababu siku orodha hiyo itakapoonekana kuwa ya kumkamata mtu, mradi wako umekufa.

Sasa andika barua. Kwa kawaida inaelekezwa kwa Mganga Mfawidhi kupitia kwa Muuguzi Mfawidhi na msimamizi wa wodi, ikiambatishwa barua ya utambulisho kutoka chuoni. Mpitishe msimamizi wa wodi kwanza kwa mazungumzo, maana barua inayomfikia kutoka juu humfanya awe mtekelezaji asiyeshirikishwa. Kiini cha barua kinaweza kusomeka hivi:

"YAH: OMBI LA KUJARIBU MAKABIDHIANO YA ZAMU KANDO YA KITANDA. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Naomba kibali cha kujaribu utaratibu huu katika chumba kimoja chenye vitanda sita, kwa wiki mbili, katika makabidhiano ya saa 8 mchana pekee. Jaribio halihitaji fedha wala watumishi wa ziada, na msimamizi wa wodi anaweza kulisitisha wakati wowote."

Mipaka hiyo, yaani chumba kimoja, muda maalumu na mtu mwenye mamlaka ya kusitisha, ndiyo inayompa kiongozi wepesi wa kutia sahihi. Hospitali nyingi za umma zina timu za uboreshaji wa kazi zilizotokana na mpango wa 5S-Kaizen. Omba barua yako isomwe pia katika kikao cha timu hiyo, ili jaribio liwe na mwenyeji baada ya wewe kurudi chuoni.

Hatua ya kuyeyusha, yaani kulegeza mazoea ya zamani, ndiyo ambayo kazi nyingi za wanafunzi huimaliza kwa sentensi moja: "Wauguzi watapewa semina." Lewin mwenyewe ana ushahidi unaoipinga sentensi hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alichunguza namna ya kuwashawishi akina mama wa Marekani wapike nyama za ndani kama moyo na figo. Kati ya waliosikiliza mhadhara, asilimia 3 tu walipika nyama ambayo hawakuwahi kuipika. Kati ya waliojadiliana na kuamua kwa pamoja walikuwa asilimia 32. Kwa hiyo badala ya semina, itisha kikao kifupi cha wauguzi wa wodi, weka mezani orodha yako ya tofauti, kisha waachie waseme kinachowazuia.

Hayo watakayosema ndiyo uchambuzi wa nguvu zinazosukuma na zinazozuia. Lewin alionya kwamba kuongeza msukumo bila kupunguza kizuizi huongeza mvutano, na ndiyo maana agizo kali huishia kwenye utekelezaji wa mbele ya bosi tu. Chukua kizuizi cha muda, utaratibu ukija kuenea wodi nzima. Dakika mbili kwa kila kitanda mara vitanda 24 ni dakika 48, na hakuna muuguzi anayetoka zamu atakayekubali. Mchana, wauguzi wanapokuwa wengi, wodi inaweza kugawanywa kwa jozi mbili na muda ukawa dakika 24. Asubuhi muuguzi wa usiku huenda yuko peke yake, hivyo hawezi kugawanyika: hapo mkubaliane kwamba wagonjwa mahututi, waliolazwa usiku na wanaoongezewa damu au wenye dripu ndio watakaoripotiwa kitandani, na wengine dawatini. Utaratibu uliopunguzwa kwa makubaliano hudumu kuliko ule kamili ulioamriwa.

Kizuizi cha pili ni siri, nacho hakina mjadala. Majirani wa kitanda wanasikia, na ndugu huwa wamekaa pale pale. Hali ya VVU, ambayo usiri wake unalindwa na sheria ya mwaka 2008, pamoja na taarifa nyingine nyeti, zibaki dawatini au zioneshwe kwa kidole kwenye faili bila kutamkwa. Mgonjwa aulizwe kwanza kama anaridhia.

Katika hatua ya kubadili, wape wauguzi kadi yenye sehemu nne: hali ya sasa, historia fupi, tathmini, na kinachopaswa kufanywa. Anayepokea aguse anachoambiwa: aangalie dripu, mfuko wa mkojo, chati ya dawa, ndipo asaini. Kila baada ya siku chache badilisheni kinachokwama. Dalili ya kwanza ya kuanguka kwa jaribio ni rahisi kuiona: sahihi zimejaa lakini dripu zilizokwisha hazijapungua, maana yake watu wanasaini dawatini.

Kwa hiyo pima mambo matatu: makabidhiano mangapi yamefanyika kitandani kweli, tofauti zilizokutwa baada ya makabidhiano, na dakika ambazo anayetoka zamu amechelewa kuondoka. Kipimo cha tatu husahaulika, na ndicho kinachoonyesha kama faida imepatikana kwa kumtwisha mtu mzigo.

Kugandisha maana yake ni kuutoa utaratibu mikononi mwako: uingizwe kwenye maelekezo ya wodi, kwenye utambulisho wa watumishi wapya na wanafunzi wa mazoezi, na msimamizi au mbadala wake ashuhudie makabidhiano machache kila mwezi. Hapa ndipo uweke ukosoaji wako wa modeli. Wauguzi huhamishwa na wanafunzi hubadilika kila mara, hivyo barafu ya wodi haigandi moja kwa moja. Isitoshe, hatua hizo tatu zilichukua nafasi ndogo sana katika makala ya Lewin ya 1947, mwaka huohuo aliofariki, na waliozikuza kuwa modeli kamili ni waandishi waliomfuata. Aya moja ya namna hiyo, ikifungwa na kilichotokea wodini kwako, huonyesha uelewa kuliko kurasa mbili za kuifafanua modeli.

Unapowasilisha, ambatisha nakala ya kibali, kadi ya sehemu nne, jedwali la vipimo kabla na baada, na muhtasari wa kikao cha wauguzi usio na majina.